Hesabu ilisema magunia 215, bodi ikajaa kwa 154: kosa liko wapi?

Bodi ya lori niliipima ndani nikapata urefu wa mita 6.2, upana mita 2.3 na kimo mita 2.1. Ukizidisha unapata karibu mita 29.9 za ujazo. Mahindi makavu yana uzito wa kama kilo 720 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo kilo 100 za gunia moja zinachukua mita 0.139 za ujazo. Nikagawa, nikapata magunia 215. Nikayatoa yote ghalani hapa Bweyale, Uganda, nikayapanga mlangoni, lori likaja. Lilipoingia gunia la 154, pengo lililobaki juu lilikuwa la kupitisha mkono tu. Magunia 61 yalibaki nje na wingu limeshafunga upande wa Karuma.

Mzee anayesimamia wapakiaji alijifuta jasho, akaniambia: "Dada, umehesabu mahindi. Hukuhesabu magunia."

Hiyo ndiyo shida ya kwanza, na tangu siku ile nimekutana na nyingine. Nitazieleza kwa jinsi zinavyojitokeza: unachokiona, kisha mahali pa kutafuta sababu. Nitatumia bodi hiyo hiyo ya mita 6.2 kwa 2.3 kwa 2.1, ya lori la ekseli mbili, ili namba zifuatane.

Bodi imejaa mapema, magunia yamebaki chini

Anza kujiuliza umegawa kwa namba gani. Ile 0.139 ni ujazo wa mahindi yakiwa yamemwagwa. Gunia likishashonwa lina tumbo katikati na masikio pembeni, na ukilaza mawili sambamba, kati yao kunabaki bonde lenye hewa. Unachohitaji ni nafasi ambayo gunia linaichukua likiwa limepangwa na wenzake, na nafasi hiyo haipatikani kwa kupima gunia moja lililosimama mlangoni.

Nenda kwenye rundo lililopangwa ghalani. Pima magunia kumi yaliyolala ubavu kwa ubavu, kutoka ukingo wa la kwanza hadi ukingo wa la mwisho, ugawe kwa kumi. Huo ndio upana wa gunia. Fanya vivyo hivyo kwa urefu. Kwa unene, pima kimo cha rundo la magunia sita yaliyolaliana, ugawe kwa sita, kwa sababu la chini limebanwa na la juu bado limevimba, na kipimo cha moja pekee kitakudanganya. Magunia yangu ya kilo 100, yale ya plastiki iliyofumwa, yalinipa urefu sentimita 100, upana 60 na unene 28. Zidisha: mita 0.168 za ujazo. Ukigawa 29.9 kwa 0.168 unapata 178. Magunia 37 ya ile hesabu yangu ya kwanza yalikuwa hewa.

Lakini hata 178 hayakuingia. Yaliingia 154, na hapa wengi hukata tamaa na hesabu wakarudi kukisia kwa macho. Sababu ni kwamba gunia huwezi kulikata. Ujazo unagawanyika hadi nukta ya mwisho, lakini sakafu ya lori inagawanyika kwa magunia mazima. Kwa hiyo acha ujazo kabisa, uhesabu tabaka moja la sakafuni, kisha uhesabu matabaka.

Chukua sakafu ya 6.2 kwa 2.3. Ukiyalaza magunia yote kwa kukingama, urefu wake ukielekea upana wa lori, yanaenea mawili kwa upana (mita 2.0) na kumi kwa urefu wa bodi (mita 6.0). Hayo ni 20, na pembeni umebakiwa na sentimita 30 zisizo na kazi. Ukiyalaza yote kwa kufuata urefu wa lori, yanaenea matatu kwa upana na sita kwa urefu. Hayo ni 18, ni mabaya zaidi. Sasa changanya: safu moja ya kukingama inakula mita 1.0 ya upana, na kando yake safu mbili za kufuata urefu wa lori zinakula 0.6 kila moja. Jumla mita 2.2. Safu ya kukingama ina magunia 10, zile mbili zina 6 kila moja. Jumla 22 kwa tabaka. Mzee yule alikuwa akipanga hivyo bila karatasi, na kila tabaka akibadilisha upande wa ile safu ya kukingama ili magunia yafungane kama matofali.

Kimo ni mita 2.1. Ukigawa kwa 0.28 unapata 7.5, maana yake matabaka 7. Mara 22, ni 154. Hapo hesabu na lori vikakubaliana. Yale 24 yaliyopotea kutoka 178 yako kwenye sentimita 10 za pembeni, sentimita 20 za mlangoni na sentimita 14 za juu. Ni vipande vya nafasi ambavyo gunia zima haliingii.

Umehesabu kwa tabaka, na bado yanapungua mawili au matatu kila tabaka

Hii karibu kila mara ni tepu. Upana wa bodi unapimwa kati ya mbavu na mbavu, si kati ya bati na bati. Bodi nyingi zina mbavu za chuma au mbao zilizotokeza ndani, na gunia linaegemea ubavu, haliingii katikati yake. Pima sehemu tatu, mbele, katikati na mlangoni, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu bodi iliyozeeka hujipinda. Urefu upimwe mlango ukiwa umefungwa. Kimo upime hadi tao la chini kabisa linaloshikilia turubai.

Angalia jinsi kosa dogo linavyokua. Mpangilio wetu wa 22 unahitaji mita 2.2 za upana. Bodi ikiwa na mita 2.15 halisi, magunia yatajikunja kidogo na wapakiaji wakisukuma yataingia. Ikiwa na 2.05, ile safu ya pili ya urefu haina pa kukaa, unarudi kwenye 20 kwa tabaka, na kwa matabaka saba umepoteza magunia 14. Sentimita 15 tu zimefanya hivyo.

Kosa kubwa zaidi ni kukubali vipimo vya nje ambavyo mwenye lori anakutajia kwenye simu. Bodi yetu kwa nje ni mita 6.4 kwa 2.5. Ukitumia hizo kwa njia ya ujazo, unaongeza magunia 22 ambayo hayapo, yaani tabaka zima. Nimezoea kumwomba dereva apime ndani mwenyewe huku tukiwa kwenye simu, anisomee namba moja moja.

Lori lile lile, safari hii limebeba machache

Bodi haijabadilika, basi gunia limebadilika. Tazama vitu viwili.

Cha kwanza ni unyevu. Mahindi ya msimu wa kwanza hapa kwetu Kiryandongo huvunwa mvua ikiwa bado inaonyesha dalili, na mkulima mwenye haja ya pesa huleta yakiwa hayajakauka. Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa kwa mahindi Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Punje yenye maji imevimba, na zikikaa pamoja huacha nafasi kubwa zaidi kati yake, kwa hiyo kilo 100 zinajaza gunia hadi kwenye mshono na gunia linakuwa nene. Utalijua kwa mkono: ukilipiga ngumi halibonyei, na ukizamisha mkono ndani punje zinashika badala ya kuteleza. Unene ukifika sentimita 31, mita 2.1 inatoa matabaka 6 tu. Umepoteza magunia 22 kwa sentimita tatu za unene.

Cha pili ni lumbesa, lile gunia lililoongezewa kichwa kwa kushonewa nyavu au kipande cha gunia jingine. Hili linavuruga kila kitu. Urefu unazidi sentimita 100, hivyo magunia sita hayaenei tena kwenye mita 6.2, yanaenea matano, na kichwa chake cha mviringo hakikubali kulaliwa. Usijaribu kulihesabu. Lifungue, lipime, ushone upya kwa kilo 100. Mbali na nafasi, mkulima aliyejaza lumbesa amekupa mahindi ambayo hakulipwa, na hilo si sawa.

Nafasi imebaki tele, lakini mizani ya barabarani inakukataa

Hapa ndipo penye gharama, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Magunia 154 ni tani 15.4. Yanaingia ndani ya bodi, lakini lori hili haliruhusiwi kuyabeba. Lori la kwanza nililopakia hivyo lilisimamishwa kwenye mizani likielekea Busia, likaamriwa kupunguza mzigo, na mahindi yalilala kando ya barabara siku mbili chini ya turubai la kuazima.

Katika sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele yenye matairi mawili haipaswi kuzidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10. Jumla ya lori la ekseli mbili ni tani 18. Wengi wetu tulijifunza hiyo 18 peke yake. Tukatoa uzito wa lori tupu, tuseme tani 6.2, tukabaki na 11.8, tukapakia magunia 118, tukaenda kwa amani hadi mizani ya Magamaga. Pale mizani haipimi jumla tu, inapima kila ekseli. Jumla ikawa sawa, na ekseli ya nyuma ikawa imezidi kwa mbali.

Sababu ni mahali bodi ilipokaa. Katika lori langu la mfano, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni mita 5. Bodi inaanzia sentimita 90 nyuma ya gurudumu la mbele. Urefu wake ni 6.2, nusu yake ni 3.1, kwa hiyo mzigo uliotandazwa sawasawa una kitovu chake mita 4.0 nyuma ya gurudumu la mbele. Gawa 4.0 kwa 5.0, unapata 0.8. Maana yake, katika kila magunia kumi unayopakia, manane yanabebwa na ekseli ya nyuma na mawili na ya mbele.

Sasa lori tupu, likiwa na dereva na mafuta, nililipima ekseli kwa ekseli: mbele tani 3.2, nyuma 3.0. Nyuma kumebaki tani 7.0 kabla ya kufika 10. Kwa kuwa nyuma inabeba asilimia 80 ya mzigo, gawa 7.0 kwa 0.8. Unapata tani 8.75, yaani magunia 87. Mimi huandika 85, kwa sababu magunia ya kilo 100 mara nyingi hutoka ghalani na kilo moja au mbili za ziada.

Hayo 85 ni matabaka matatu kamili ya 22, na 19 juu yake. Yale matatu yanayokosekana kwenye tabaka la nne yakosekane mlangoni, si mbele. Unene wa matabaka manne ni sentimita 112. Nimepiga mstari wa chaki ndani ya bodi kwenye kimo hicho, pande zote mbili, na mpakiaji asiyejua kusoma anaona mahali pa kuishia.

Je, unaweza kubeba zaidi kihalali? Ndiyo, ukisogeza mzigo mbele. Ekseli ya mbele ina nafasi kubwa isiyotumika. Tuseme unaacha mita 1.2 za mlangoni tupu, na kupanga kwenye mita 5.0 za mbele peke yake. Kitovu cha mzigo sasa kiko mita 3.4 nyuma ya gurudumu la mbele, na sehemu ya ekseli ya nyuma inashuka hadi 0.68. Magunia 100 yanaweka tani 6.8 nyuma na 3.2 mbele. Jumlisha na uzito wa lori: nyuma 9.8, mbele 6.4, jumla 16.2. Zote ziko chini ya kikomo. Kwa mita 5.0 tabaka linachukua magunia 18, kwa hiyo ni matabaka matano na kumi juu yake. Mwisho wa rundo ufungwe kamba, la sivyo mlima wa kwanza utayashusha mlangoni na hesabu yako ya 0.68 itakuwa imekwisha.

Kabla ya kufanya hivyo, soma kibati cha mtengenezaji mlangoni mwa dereva au kwenye fremu. Kama kinasema lori na mzigo visizidi tani 15, basi 15 ndiyo namba yako hata kama sheria ingeruhusu zaidi. Breki na springi zilitengenezwa kwa namba ya kibati. Mwenye lori akikuambia "hili hubeba magunia 150 kila wiki", anasema kweli kwamba yanaingia. Muulize ekseli ya nyuma hupima ngapi.

Mnunuzi anasema magunia kumi yamepotea njiani

Hili hutokea kwenye mzigo unaovuka mpaka. Uliahidi kwa simu "magunia 95", yamefika 85, na turubai halijaguswa wala mshono haujakatwa. Kabla ya kumshuku dereva au tanboi, uliza gunia la mnunuzi ni la kilo ngapi. Upande wa Kenya mahindi yanahesabiwa kwa gunia la kilo 90, huku kwetu ni la kilo 100. Magunia 95 ya kilo 90 ni kilo 8,550, na 85 ya kilo 100 ni kilo 8,500. Hakuna aliyeiba. Siku hizi katika mapatano yangu na watu wa ng'ambo naandika kilo kwanza, kisha idadi ya magunia, kisha uzito wa kila gunia.

Kama gunia la kilo 90 ndilo linalopakiwa kweli, lipime upya kwenye rundo. Ni jembamba zaidi, na unene ukishuka hadi sentimita 26 matabaka manane yanaingia kwenye mita 2.1. Ndiyo maana wakati mwingine lori linameza magunia mengi kuliko hesabu na watu wanafurahi. Uzito kwenye ekseli bado ni ule ule wa kilo, kwa hiyo furaha hiyo iishie kwenye karatasi ya mizani kwanza.

Unabadilisha nafaka na namba zote zinavurugika

Maharage ni mazito kidogo kuliko mahindi kwa ujazo ule ule. Gunia lililojazwa hadi alama ya mahindi litapita kilo 100, kwa hiyo lipime, usiamini alama. Mpunga wenye maganda ni mwepesi: gunia lile lile huwa na kama kilo 80. Kwa hayo mawili, fanya hesabu ya ekseli upya kwa uzito halisi, na ile ya tabaka ibaki ilivyo.

Alizeti ndiyo inayogeuza mambo. Mbegu zake zina kama kilo 400 kwa mita moja ya ujazo, na gunia linalobeba mahindi kilo 100 litabeba alizeti kama kilo 56. Ukipakia mjini Lira bodi ile ile hadi kwenye matao, magunia 154, unapata kilo 8,624. Ekseli ya nyuma ilituruhusu kilo 8,750. Kwa mahindi nafasi ya juu inabaki tupu kwa sababu ya uzito. Kwa alizeti bodi inajaa hadi turubai na ekseli inakaribia kikomo kwa wakati mmoja. Hapo kazi kubwa ni tepu, kwa sababu tabaka moja ulilohesabu vibaya ni magunia 22 yanayobaki uwanjani, na alizeti ikinyeshewa haisubiri lori la kesho.